Kiache Mezani

Wasomaji wa maktaba ile walimwita Mama Minong'ono, naye jina alilijua na hakulikataa. Miaka mingi ya kuzungumza chini chini ilikuwa imemla sauti. Hata sokoni alinong'ona. Muuza nyanya alimwinamia na kumwambia, "Mama, sema bwana, hapa hakuna anayesoma," na wenzake wakacheka, naye akacheka nao, mabega yakitikisika bila mlio wowote. Nyumbani ndiyo kabisa. Mama mkwe wake, ambaye sikio lake moja lilishastaafu na la pili liko njiani, alikuwa ameacha hata kumtegea. Akitaka kujua mkwewe amesema nini huuliza wajukuu, na wajukuu wakiwa hawapo husema, "Haya, nimekubali," kwa lolote lile.

Kazi yake ya kwanza mle maktabani ilikuwa kupiga deki. Kwa miaka ile aliwajua watu kwa miguu. Msomaji mzoefu viatu vyake huvuka zulia la mlangoni moja kwa moja, kama mtu anayeingia jikoni kwake. Mgeni husimama juu ya zulia. Hufuta viatu, akavifuta tena ingawa vimeshatakata, akingoja mtu amwambie kama amekosea nyumba. Wapo waliogeuka kutoka pale pale kwenye zulia wakaenda zao, na yeye, amepiga magoti na tambara mkononi, hakuona kama ni mahali pake kumwambia mtu karibu. Basi siku alipopewa kiti na meza ya mapokezi, alijiwekea utaratibu wake mwenyewe ambao haukuandikwa popote: miguu ikisimama kwenye zulia, yeye anainuka kwenye kiti.

"Karibu," husema. "Ni mara yako ya kwanza? Ukipenda nitakuelekeza namna tunavyotafuta vitabu na namna ya kuazima. Usipopenda, zunguka tu, hakuna anayekufukuza."

Wengi hupenda. Hapo humpitisha mgeni mlemle anamopitisha kila mtu: kompyuta ya kutafutia, namba za migongoni mwa vitabu, rafu za vitabu visivyotoka nje, kadi ya uanachama, muhuri wa tarehe. Na mwisho kabisa huja maneno ambayo wanafunzi wa meza za mbele wameyasikia mpaka huyamalizia kwa midomo, wakimwigiza: "Na ukimaliza kusoma, kitabu kiache mezani. Usikirudishe wewe. Kukirudisha ni kazi yangu."

Mchana mmoja vikasimama kwenye zulia viatu vya kazi, vyeupe kwa saruji. Mwenye viatu alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ameishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Mfuko wake ulikuwa umeshabaki kwa bawabu, mahali pa kuwekea mizigo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibu."

"Samahani. Hapa lazima mtu awe mwanafunzi?"

"Hapa lazima mtu awe na macho," alisema Mama Minong'ono. "Na asiye nayo, tuna vitabu vyake vya kupapasa."

Mtu yule akatabasamu nusu. "Kiingilio je?"

"Hakuna kiingilio. Ukisomea humu ndani ni bure. Kuazima ndiko kuna taratibu kidogo. Mara ya kwanza?"

"Kuingia, ndiyo. Nje napita kila siku. Tunaweka vigae kwenye lile ghorofa jipya, hapo ng'ambo ya barabara."

"Basi sisi ni majirani. Nikuelekeze?"

Fundi akatazama meza za mbele, ambako vichwa viwili vitatu vilikuwa vimeinuka, kisha akatazama mikono yake. Saruji ilikuwa imejaa kwenye kucha na kwenye mistari ya viganja. "Kwanza nioneshe bomba," alisema. "Ninawe."

Alinawa muda mrefu. Aliporudi vidole vilikuwa vyekundu kwa kusuguliwa, na Mama Minong'ono akampeleka kwenye kompyuta.

"Unatafuta kitabu gani?"

"Cha mikono."

"Ufundi wa mikono?"

"Hapana. Mikono ile ya..." Alishusha sauti, lakini hakuwa na ujuzi wa kunong'ona, na sauti iliyoshushwa ya mtu wa saiti husikika chumba kizima. "Mikono ya kuongea."

Kwenye meza ya karibu alikaa kijana wa chuo ambaye kila mtu alimwita Wakili, kwa sababu ya sheria aliyokuwa akiisoma na kwa sababu hakuna neno lililompita bila kulijibu. "Mtafutie cha ngumi, shangazi," alisema Wakili. "Hiyo ndiyo mikono inayoongea." Meza nzima ikacheka kwenye viganja.

Uso ulimshuka fundi. "Nitakuja siku nyingine, mama," alisema, na kofia ikaanza kwenda kichwani.

Mama Minong'ono aliivuta kompyuta akaigeuza, mgongo wake ukaelekea meza ile, akamsogezea fundi kiti mahali ambapo hakuna aliyeweza kuona anachokiandika. "Kaa," alisema. "Humu kutafuta kuna milango mitatu. Kama unajua jina la kitabu, unaingia kwa jina. Kama unamjua mtunzi, unaingia kwa mtunzi. Hujui lolote kati ya hayo?"

"Silijui."

"Basi ingia kwa mada. Andika jambo lenyewe linahusu nini. Wanaoongea kwa mikono wanatumia lugha gani?"

"Ya ishara."

"Andika hivyo."

Akaandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayetafuta sarafu mchangani. Kompyuta ikatoa mstari mmoja: *Lugha ya ishara, tazama Lugha ya alama.*

"Inatuambia twende wapi?" aliuliza fundi.

"Mashine hii kila jambo imelipa jina moja. Ukija na jina jingine, inakuelekeza kwenye lile inalolitumia. Sasa andika hilo."

Fundi aliandika neno moja tu, *alama*, akabonyeza. Vikamwagika vitabu ukurasa mzima. Alisoma wa kwanza, wa pili, wa tatu, akamgeukia. "Hizi zote alama za barabarani."

"Hivyo ni vya madereva."

"Mimi hata baiskeli sina."

"Basi iandikie maneno yote matatu. Ukiipa nusu, nayo inakupa nusu."

Akaandika yote matatu. Safari hii kilikuja kitabu kimoja, nakala moja, na pembeni yake: *kipo rafuni*. Ilionekana pia picha ndogo ya jalada. Fundi alisogeza uso karibu na kioo, na Mama Minong'ono, ambaye macho yake yalikuwa yamezoea kusoma watu kabla ya maandishi, aliona kidole chake kikifuata mikono iliyochorwa jaladani.

"Hii namba ndiyo anwani yake," alimwambia. "Mia nne kumi na tisa, na chini yake herufi tatu za mtunzi. Mia nne ni mtaa wa lugha. Humo mtaani, nyumba ya kumi na tisa. Twende, lakini utakitafuta wewe. Mimi nakufuata tu."

Walipita kati ya rafu. Fundi alisoma vibao vya mwisho wa kila safu, akakunja kona, akaanza kufuata migongo ya vitabu kutoka kushoto kwenda kulia, midomo ikitembea. Alisimama. Kitabu kilikuwa cha kijani, kirefu, kimewazidi wenzake kichwa kizima. Alikitoa kwa mikono miwili.

Ndani kulikuwa na picha: nyuso, viganja, vidole, na mishale midogo ya kuonesha mkono unakwenda wapi. Pale pale amesimama, bila kuulizwa, fundi alianza kusema.

Alikuwa na binti. Homa ya uti wa mgongo ilimshika, wakamlaza, wakakesha naye, akapona, na siku ya kumrudisha nyumbani wakagundua kwamba hageuki akiitwa. Wakampeleka shule ya bweni ya watoto viziwi, mbali kidogo. "Likizo iliyopita alikuja anaongea kwa mikono," alisema fundi. "Mimi na mama yake tunamtazama kama watu wanaotazama mvua. Kuna jambo alituambia, akalirudia, akalirudia tena. Tukawa tunaitikia kwa kichwa. Akajua tunamdanganya. Akageukia ukutani, mama, na likizo yote iliyobaki alikula akiwa ameelekea ukutani."

Mama Minong'ono alisogea karibu.

"Sasa mwalimu wake kanipigia. Keshokutwa shule inafunga, na mtoto anaomba abaki bwenini na matroni. Hataki kuja nyumbani. Mwalimu anasema niende, lakini mtoto hatalazimishwa, ataulizwa mbele yangu." Alifunua ukurasa, akaulaza mkono wake juu ya picha ya mkono, kama anayepima kigae. "Nataka nikifika getini nimwambie neno kwa lugha yake. Kabla hajanikatalia. Naweza kuondoka nacho leo?"

Hapo palikuwa pagumu. Alimweleza polepole: kuazima ni kwa wanachama. Kuna fomu, picha mbili ndogo, kitambulisho, na mdhamini, yaani mtu wa kazini au kiongozi wa mtaa anayekubali kuweka sahihi na muhuri kwamba anamfahamu. Kadi hupatikana palepale fomu ikirudi imejaa. "Msimamizi wako wa saiti anatosha. Kesho ukija nayo, unaondoka na kitabu kwa wiki mbili, na kama hakuna mwingine aliyekiomba, unaongezewa. Leo kisome humu humu."

"Kesho. Sawa. Kesho bado nina usiku mmoja wa kufanya mazoezi."

Alikuwa amebakiza sehemu ya mwisho ya maelezo yake, ile ya kila siku. Lakini fundi alikuwa anajifuta macho kwa kiwiko, akijifanya ni vumbi, na mezani kwake wasomaji walikuwa wameshapanga foleni na vitabu vyao mikononi. Aliona si wakati wa kumtajia mtu kanuni nyingine. Alimvutia kiti. "Kaa hapa," alisema. "Usome kwa nafasi." Akaenda, na maneno yaliyobaki akayameza.

Fundi alisoma saa yake yote ya mapumziko ya mchana, bila kula. Kutoka mezani, kati ya muhuri na muhuri, Mama Minong'ono alimwona akifungua kiganja, akikikunja, akitazama kitabu, akirekebisha kidole gumba kwa mkono wa pili. Alipokuwa akitoka, alisimama mbele ya mapokezi, akagusa kidevu chake kwa ncha za vidole na kuupeleka mkono mbele. Hakuhitaji kutafsiriwa: ilikuwa asante. Mama Minong'ono naye akafanya vile vile, na Wakili akawatazama wote wawili.

Jioni, alipokuwa akikusanya vitabu mezani, aliikuta ile meza ya fundi tupu, imefutwa, na kiti kimesukumwa ndani. Akajisemea, mtu na adabu zake. Akapita.

Kesho yake viatu vya saruji havikusimama kwenye zulia. Vilipita moja kwa moja. Fomu ilikuwa imejaa, sahihi ya msimamizi ipo, muhuri upo, na kwenye kona alama ya kidole gumba cha rangi ya saruji. "Kakubali bila maneno," alisema fundi. "Kaniuliza tu, wewe na vitabu wapi na wapi." Kisha akasema atakileta kitabu mwenyewe, njia anaijua, na Mama Minong'ono akamwacha aende, akitabasamu peke yake huku akibandika picha kwenye kadi.

Alirudi mikono mitupu. "Mama, hakipo."

"Ulihesabu vizuri? Mia nne kumi na tisa."

"Njoo uone."

Akaenda. Pengo lilikuwepo, na kitabu cha jirani kimeliegemea. Kompyuta ilisema *kipo rafuni*. Alitazama toroli la vitabu vilivyorudishwa, akatazama kapu la vile vinavyongoja gundi, akapita meza zote. Hakuna. Akaona hana budi kumwita mkutubi.

Mkutubi, yaani mkuu wao pale, alikuwa mwanamke kijana kuliko yeye, si mtu mbaya, ila mwaka ule vitabu vilikuwa vinampotea na hesabu ilikuwa inakaribia. Alisikiliza amekunja mikono. "Nani alikuwa nacho mara ya mwisho?"

"Nilikuwa nacho mimi," alisema fundi. "Jana."

"Ulipotoka mlangoni, mfuko ulikaguliwa?"

Kwenye meza za mbele kurasa ziliacha kufunuliwa.

"Sisemi kitu," alisema mkutubi, na kwa kusema hivyo akawa amekisema.

Fundi alimgeukia. "Mfuko upo kwa bawabu na leo," alisema. "Una mwiko na pimamaji. Mwambie aumwage." Alichukua fomu yake juu ya meza, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Basi, mama. Nitaenda hivyo hivyo. Asante umejitahidi."

Akaelekea mlangoni, hatua za mtu anayejikaza asikimbie.

Mama Minong'ono alibaki pale. Mtu aliyesugua mikono vile kabla ya kugusa karatasi, alifikiri, hawezi kuiba. Halafu akajikatalia mwenyewe, maana kila mtu anaweza. Akamfuata kwa mawazo toka mwanzo: alinawa, akaketi, akaandika, akakitoa kitabu, akasoma, akaaga. Na meza? Meza iliachwa tupu. Mikono ilikuwa mitupu alipoaga, maana alisema asante kwa mkono, na mwingine ulishika kofia. Kitabu hakikuwa mezani wala mkononi. Hapo ndipo akausikia wimbo wake mwenyewe wa kuelekeza wageni kichwani, mstari kwa mstari, mpaka penye mstari wa mwisho, na mstari wa mwisho haukuwepo. Hakumwambia.

"Fundi," alinong'ona.

Fundi alikuwa ameshafika kwa bawabu, anapokea mfuko.

"Fundi," alinong'ona tena, na sauti ikaishia kwenye rafu ya magazeti.

Basi akaita. Sauti ilitoka na kutu zake, nene, ya mwanamke aliyekulia shambani akiita ng'ambo ya bonde, na ikafika kila kona ya nyumba ile. "Fundi! Rudi hapa!" Vichwa vyote vikainuka. Kalamu ya Wakili ilianguka ikabingirika chini ya kabati.

Fundi alirudi, mfuko begani, akisahau kwamba haruhusiwi kuingia nao.

"Jana ulipomaliza," alisema Mama Minong'ono, sasa kwa sauti ya kawaida kwa kuwa ile ndogo ilikuwa imemkimbia, "kitabu ulikiweka wapi?"

"Nilikirudisha."

"Wapi?"

"Mahali pake." Kisha akasita. "Mama, mimi nyumbani nikila siachi sahani mezani. Sikutaka nikuachie kazi."

"Ulikirudisha pale pale tulipokitoa?"

"Nilikwenda. Nikakuta vijana wamekaa chini njia nzima, na madaftari yao, na miguu yao. Sikutaka kuwaruka watu. Nikakipeleka kwa wenzake."

"Wenzake wepi, baba?"

"Wa kimo kile." Aliweka mkono hewani, mmoja chini, mmoja juu. "Sisi vigae hatuchanganyi. Kipimo kwa kipimo, rangi kwa rangi. Nilitafuta nikapata mahali panapokifaa. Nikapanyoosha kabisa. Kwani si ndivyo?"

Mabega ya Mama Minong'ono yakaanza kutikisika. "Ni wapi hapo?"

Hapo fundi akakuna kichwa. Jana alizunguka, njia zote zilifanana, na alikuwa anakimbilia kazini. Alikumbuka tu kwamba kulikuwa na dirisha.

Madirisha yalikuwa pande zote nne. Lakini Mama Minong'ono hakuuliza zaidi. Alitembea taratibu kando ya madirisha, macho yakiwa kwenye kingo za rafu. Rafu ya maktaba, hata ipangwe vipi, ikipitiwa na watu huwa na meno: kimoja mbele, kimoja nyuma, kingine kimelala. Alipita atlasi, zina meno. Alipita vitabu vya picha za ndege, vina meno. Akafika upande wa kilimo cha bustani, rafu ya tatu kutoka chini, akasimama. Vitabu virefu, vya kijani cha kila namna, vimekaa ukingoni mwa mbao kwa mstari mmoja ulionyooka kana kwamba umepigwa pimamaji. Katikati yao, kati ya mboga za majani na miche ya miti, lugha ya alama.

Alikitoa. Fundi alishusha pumzi mpaka mfuko ukatelemka begani.

"Umekipanga vizuri kuliko sisi," alisema Mama Minong'ono. "Ila sisi hatujui kijani, fundi, wala kimo. Tunajua namba tu. Kitabu kikitoka kwenye namba yake, kompyuta inasema kipo, na hakuna atakayekiona tena mpaka siku ya kuhesabu. Ndiyo maana tunawaambia watu wakimaliza wakiache mezani. Tena tukikikuta mezani tunajua kimesomwa. Wewe jana sikukuambia. Hilo ni langu."

Mkutubi alikuwa amesimama mwisho wa njia. Alikohoa. "Fundi, samahani kwa yale."

"Hakuna neno. Hata mimi vigae vikipungua natazama waliokuja jana."

Fomu ilitolewa mfukoni, ikanyooshwa kwa kiganja. Mama Minong'ono aliandika kadi, akamwonesha karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada, akapiga muhuri wa tarehe ya kukirudisha. Fundi alikitia kitabu kwenye mfuko, akatoa mwiko kwanza usije ukakikwaruza, akaubeba mkononi. Akipita meza ya mbele, Wakili alisema bila kuinua macho, "Mzee, ile ya ngumi nilikuwa natania."

"Nilijua," alisema fundi. "Okota kalamu yako."

Siku zilizofuata Mama Minong'ono alitazama mlango kuliko kawaida. Hakuwa na namna ya kujua kilichotokea getini, na hakuwa mtu wa kuuliza saiti. Nyumbani, jioni, akitaka mama mkwe asogee apite na sufuria, alijaribu mkono aliouona kitabuni. Bibi akautazama mkono, akamtazama mkwewe usoni, akasogea. "Leo umesema," alisema bibi. Tangu siku hiyo wakawa na maneno yao manne matano, mengine ya kitabu, mengine ya kubuni tu, na moja la kumsengenya baba wa nyumba akiwa ameketi hapo hapo.

Tarehe ya muhuri ilipofika, viatu vya saruji vikavuka zulia. Nyuma yake vikasimama vingine juu ya zulia, vidogo, vya mikanda. Vilijifuta. Vikajifuta tena.

Mama Minong'ono akainuka kwenye kiti. Hakunong'ona kitu. Alifungua mkono, akauvuta kuelekea kifuani, kama picha ilivyoonesha: karibu. Msichana akamtazama kwa makini, uso haujacheka. Kisha akamsogelea, akamshika kidole gumba kilichokuwa kimetokeza, akakilaza mahali pake.

"Na mimi alinifanyia hivyo hivyo," alisema fundi, na sauti yake ya kujaribu kunong'ona ilisikika mpaka kwa magazeti. "Getini. Nimefika, nikamwambia kwa mkono, twende nyumbani. Akanitazama tu. Mwalimu kimya. Nikamwambia tena. Akanikamata mkono, nikafikiri amekubali, kumbe ananinyoosha kidole, nilikikunja vibaya. Akanifanya nirudie mpaka nikaweza. Halafu akageuka, akaenda zake. Mama, roho yangu ilikuwa hapa." Aligusa koo. "Akarudi na begi lake."

Kisha akasema kwamba lile jambo la likizo iliyopita, lile alilolirudia wasilielewe, sasa wamelijua. Alikuwa anaomba taa isizimwe kabla hajalala. Akizimiwa taa, haoni mikono ya mtu, na asipoona mikono amebaki peke yake. Ni hilo tu.

Mama Minong'ono alitaka kuanza maelezo yake, lakini fundi aliinua kofia kumzuia. "Niachie mimi," alisema. Akampeleka binti yake kwenye kompyuta, wakaongea kwa mikono, baba akikosea, binti akimrekebisha, wakienda kwenye mtaa wa mia sita, penye vitabu vya wanyama wa kufugwa. Wakili aliwapisha njia, akavuta miguu. Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile mtu kumweleza mgeni taratibu zote bila kuvunja kimya, na Mama Minong'ono, ambaye alijidhani bingwa wa jambo hilo, aliketi akatazama kama anayefundishwa kazi.

Kabla hawajaondoka, aliwaona wamesimama mbele ya kitabu cha sungura. Msichana alikuwa amekikumbatia, ameelekea kwenye rafu. Baba akamgusa bega, akatikisa kichwa, akaonesha meza kwa kidole, kisha akasema kwa ile mikono yake mizito jambo refu ambalo Mama Minong'ono hakulielewa lote, ila mwisho wake lilimwelekea yeye pale mapokezi. Msichana akamgeukia, akacheka, akakiweka kitabu mezani.

Walipokwisha kutoka, Mama Minong'ono alikwenda kukichukua. Kilikuwa mezani, mahali pake. Ila mtu mmoja alikuwa ameshindwa kujizuia, akakinyoosha kikawa sambamba na ukingo wa meza.